Herufi Themanini za Kuuza Koti

Tuchukue koti moja la jinsi. Limetoka kwenye belo la mitumba, limefuliwa, limetandazwa mezani vifungo vikiwa vimefungwa. Kwenye mfuko wa kifua cha kushoto kuna kijitambaa chekundu chenye jina la Levi's, na lebo ya ndani ina namba 70506, saizi 44 na maneno yanayosema kwamba limeshonwa Marekani. Gikomba, jijini Nairobi, koti la namna hii huitwa kamera, maana yake limechaguliwa mwanzo kabisa, kabla wengine hawajaligusa belo. Mwenye nalo hataki kuliachia kwa bei ya mezani. Anajua wapo wakusanyaji wa jinsi za zamani, huko Marekani, Ujerumani na Japani, wanaolitafuta koti hili kwa namba yake. Kazi iliyobaki ni kuwafanya walione. Hapo ndipo eBay inapompa kisanduku kimoja cha kuandika kichwa cha tangazo, chenye nafasi ya herufi 80, na kila pengo kati ya neno na neno linahesabiwa kama herufi.

Masoko mengine ni karimu zaidi. Etsy inaruhusu herufi 140, na Amazon 200 kwa bidhaa nyingi. Lakini anayeweza kuandika kichwa kizuri kwa herufi 80 hapati shida kwingine, na ubanaji huo unamlazimisha muuzaji ajiulize jambo ambalo nafasi kubwa humsahaulisha: kati ya chapa, saizi, rangi na kitambaa, kipi kitangulie, na kipi kinaweza kuachwa?

Wengi huanza hivi:

```
WOW!! Beautiful LEVIS jacket L@@K Nice Blue Jean Coat Like Wrangler Must See
```

Hapo kuna herufi 76, karibu nafasi yote imekwisha. Sasa tuondoe maneno ambayo hakuna mnunuzi atakayeyaandika anapotafuta koti. Hakuna anayetafuta "WOW!!". Hakuna anayetafuta "Beautiful" wala "Nice", kwa sababu uzuri ataupima mwenyewe kwa macho kwenye picha. Lile neno lililopachikwa alama mbili mfano wa macho lilikuwa mtindo wa wauzaji wa zamani wa kuvuta jicho, na leo linaashiria ugeni tu. "Like Wrangler" ni kosa la aina nyingine, tutalirudia. Yakiondolewa yote hayo, herufi 49 zimekwenda, na yanabaki maneno matano: chapa, koti, bluu, jinsi, koti tena. Namba ya mtindo haimo. Saizi haimo. Yule Mjapani anayetafuta 70506 hatafika hapa kamwe.

Hatafika kwa sababu ya namna utafutaji unavyofanya kazi. Mtu akiandika maneno kwenye eBay, mfumo kwa kawaida huyasaka kwenye kichwa na kwenye vile visanduku vya sifa ambavyo muuzaji hujaza: chapa, saizi, rangi, aina ya vazi. Maelezo marefu ya chini hayaguswi mpaka mtafutaji mwenyewe aombe. Muuzaji anaweza kuandika kurasa mbili za sifa za koti lake na zisimletee mtu hata mmoja mlangoni. Maelezo ni ya mtu aliyekwisha kuingia.

Kwa hiyo kila neno la kichwa lina kazi mbili tu zinazokubalika. Ama ni neno ambalo mnunuzi ataliandika, ama ni neno litakalomzuia mtu asiyefaa asibofye bure. Neno lisilofanya mojawapo ya kazi hizo linakula nafasi ya lingine.

Kuyajua maneno ya wanunuzi hakuhitaji ramli. eBay ina kichujio cha kuonyesha bidhaa zilizokwisha kuuzwa, na muuzaji akiandika "Levi's 70506" kisha akachuja hivyo, ataona makoti yaliyonunuliwa siku za karibuni, bei zake na vichwa vyake. Asome ishirini au thelathini, si kwa kunakili bali kwa kutazama neno gani linarudi kila mara kwenye yale yaliyouzwa kwa bei nzuri. Kwa koti letu ataona "Trucker", ambalo ndilo jina la mkato huu wa koti fupi lenye mishono miwili inayoshuka kutoka mifuko ya kifuani. Kama hakulijua jina hilo, angeandika "Jean Coat" na kuwakosa wote wanaolijua.

Ndipo kichwa kinapoanza kupata umbo:

```
Levi's 70506 Denim Trucker Jacket Mens 44 Blue Vintage Made in USA
```

Ni herufi 66. Mpangilio wake una sababu. Chapa na namba zimetangulia kwa kuwa kwa koti hili ndizo zinazoleta pesa. Aina ya vazi imefuata, kisha jinsia na saizi, na zote hizo zimekwisha kufikia herufi ya 41. Hilo si bahati. Simu nyingi hukata mkia wa kichwa kwenye orodha ya matokeo, na mtu anayepitisha kidole kwa haraka husoma mwanzo tu. Rangi, umri na nchi ya kushonwa vimewekwa mkiani kwa sababu picha itasaidia kuvieleza hata vikikatwa.

Maneno "Made in USA" yanaweza kuonekana kama madoido, lakini kwa mnunuzi wa jinsi ni ushahidi wa umri. Mwaka 2003 Levi's ilitangaza kufunga viwanda vyake vya mwisho vya ushonaji nchini Marekani, kwa hiyo koti la kawaida lenye maneno hayo huenda likawa na miaka mingi. Kijitambaa chekundu nacho kina historia yake. Kilianza kushonwa mwaka 1936, na mpaka 1971 jina liliandikwa kwa herufi kubwa zote, LEVI'S. Baada ya hapo herufi ya pili ikawa ndogo. Wakusanyaji huziita nguo za kabla ya badiliko hilo "Big E", na kama koti lingekuwa nayo, maneno hayo mawili mafupi yangestahili kukaa mara tu baada ya chapa, maana yangebadilisha bei kabisa. Kuyaandika kwenye koti lisilo nayo ni udanganyifu ambao mnunuzi ataugundua kwa picha moja ya karibu.

Zimebaki herufi 14. Muuzaji mwenye pupa atajaza "Jean Coat" hapo. Aziache. Nafasi tupu haimdai mtu chochote, na kurudia "Jacket" kwa jina lingine hakuongezi mnunuzi wa maana. Amazon imefika mahali pa kulikataza jambo hili kwa kanuni: tangu Januari 2025 neno moja halitakiwi kujirudia zaidi ya mara mbili kwenye kichwa, na alama kama ile ya mshangao haziruhusiwi isipokuwa ziwe sehemu ya jina la chapa.

Turudi kwenye "Like Wrangler". Muuzaji alitaka kuwavuta wanaotafuta chapa ya pili, na eBay inalitambua hilo kuwa ni kuchezea utafutaji. Kutaja kwenye kichwa chapa ambayo si ya bidhaa yenyewe hakuruhusiwi, hata ukitanguliza neno la kulinganisha au la kukanusha, na tangazo linaweza kuondolewa. Kanuni hii inamlinda mnunuzi, lakini inamlinda na muuzaji pia. Anayetafuta Wrangler akiletewa Levi's hatanunua. Atapita tu, na kila apitaye bila kubofya ni dalili kwa mfumo kwamba tangazo hilo halilingani na alichotafuta.

Si kila chapa inastahili kukaa mbele. Belo limejaa nguo za maduka makubwa ya Ulaya ambazo majina yake hakuna ayatafutaye, na sweta ya chapa isiyojulikana ikianza na jina hilo, herufi kumi za mwanzo zimepotea. Jina liingie kwenye kisanduku cha chapa, ambacho ni lazima kujazwa hata hivyo, na kichwa kianze na kile mtu anachokitaka: sufu, mikono mirefu, shingo ya mviringo. Ndipo uzito unapohama. Kwa koti la Levi's, chapa hubeba kila kitu na kitambaa kinajieleza, kwani neno "Denim" limekwisha kusema ni pamba iliyofumwa kwa mshazari. Kwa sweta isiyo na jina, kitambaa ndicho kinachouza.

Neno "sweta" lenyewe lina mtego kwa waliosoma Kiingereza katika shule zetu, ambacho ni cha Kiingereza cha Uingereza. Muuzaji wa Mombasa au Tanga akiandika "jumper" akilenga wanunuzi wa Marekani, atawaletea watu wanaotafuta gauni lisilo na mikono linalovaliwa juu ya blauzi, kwa sababu huko ndilo linaloitwa hivyo. "Vest" kwa Mwingereza ni fulana ya ndani, kwa Mmarekani ni kizibao cha suti. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali, na kwa Mwingereza ni chupi. Muuzaji aamue kwanza anamuuzia nani, ndipo achague neno.

Saizi ndiyo inayorudisha nguo kwa mwenyewe. Mtu akiona kwenye kichwa "Size 12" hajaambiwa kitu, maana gauni la 12 la Uingereza ni takriban la 8 la Marekani na la 40 katika sehemu kubwa ya Ulaya. Mwanamke wa Chicago anayevaa 12 akinunua 12 ya Uingereza atapokea nguo inayombana kwa saizi mbili. Atairudisha, nauli itakuwa juu ya muuzaji kama kichwa kilipotosha, na maoni atakayoacha yatasomwa na wengine. Herufi mbili tu, "UK" au "US", zingetosha kuzuia yote hayo. Katika kichwa cha nguo ya kike hakuna herufi mbili zenye thamani kubwa kuliko hizo.

Lakini mtumba hausemi umetoka wapi. Anayefungua belo ana nguo iliyoandikwa 12 peke yake, na lazima awe mpelelezi. Atazame lebo ndogo ya mshono wa ubavuni. Akiona herufi RN zikifuatwa na namba, hiyo ni namba ya usajili inayotolewa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, kwa kampuni zinazouza nguo nchini humo, kwa hiyo nguo ilikusudiwa soko la Marekani. Akiona CA na namba, ilikusudiwa Kanada, na mara nyingi maelezo ya kufua yatakuwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Nyingine huwa na saizi tatu au nne zilizopangwa mstari mmoja pamoja na vifupi vya nchi, na hizo hazina taabu. Dalili hizi si hukumu ya mwisho, kwani kampuni moja huweza kuuza nguo ile ile pande zote za bahari, lakini zinampa muuzaji msingi wa kuandika "US 12" bila kubahatisha.

Hata lebo inayosema kweli huwa imepitwa na wakati. Jinsi imefuliwa mara mia, imeruka, imenyooka kwingine. Koti letu linasema 44, na kwa makoti ya wanaume ya Marekani namba hiyo ni mzunguko wa kifua cha mvaaji kwa inchi. Kupima halihitaji ufundi: linalazwa bapa, linafungwa vifungo, na futi ya cherehani inapita kutoka mshono wa kwapa moja hadi wa kwapa la pili. Tuseme inasoma inchi 23. Mzunguko wa koti ni 46, inchi mbili zaidi ya kifua kilichotajwa, na hilo linaaminika kwa koti linalovaliwa juu ya shati. Ingesoma 21, koti lingekuwa limeruka, na kuandika 44 kwenye kichwa kungekuwa kweli ya lebo na uongo wa nguo. Katika hali hiyo namba ya lebo ibaki kwenye kisanduku, maelezo yaseme wazi, na kichwa kibebe kipimo. Mtego mwingine mdogo uko hapo hapo: mtu asishike 44 akaibandika herufi L akidhani anasaidia. "44L" kwa makoti ya Marekani ni la mtu mrefu.

Anayeuza nguo mpya ana desturi tofauti. Fundi aliyeshona mashati ya kitenge ya mtindo mmoja kwa saizi tano ataweka tangazo moja lenye machaguo, na mnunuzi atachagua saizi kwenye menyu. Kichwa cha tangazo hilo kisitaje saizi yoyote. Akiandika "Large", anayevaa ndogo atapita akidhani yake haipo.

Rangi inaonekana rahisi mpaka mtu afungue katalogi ya kiwanda. Huko nyekundu haipo. Kuna divai ya Bordeaux, kuna damu ya ng'ombe, kuna tofali. Kwa Kiswahili tunayo damu ya mzee, na Dar es Salaam hakuna muuza vitambaa asiyeijua, lakini kwa mnunuzi wa nje rangi hiyo hiyo ataiandika "Burgundy" au "Maroon". Moja iende kwenye kichwa. Kisanduku cha rangi kichukue jina la kawaida kabisa, "Red", kwa kuwa ndilo lililo kwenye kichujio cha pembeni, na anayebonyeza nyekundu hapo hajui wala hajali kiwanda kiliiitaje. Jina la kishairi la kiwanda lina nafasi mahali pamoja tu: pale mtu alipopoteza suruali ya suti na anatafuta pacha wake kwa jina lile lile.

Kosa baya zaidi la rangi ni la nyeusi na bluu ya usiku. Chini ya taa ya nyumbani zinafanana, na kamera ya simu huzifananisha zaidi. Wauzaji wazoefu huipeleka nguo dirishani mchana na kuilaza juu ya kitu kinachojulikana kuwa cheusi, suruali au soksi. Kama ni bluu, itajitenga papo hapo. Ndipo neno "Navy" au "Black" liandikwe.

Wanaouza kwa Kiswahili, kwenye masoko ya mtandaoni ya Kenya na Tanzania, wana tatizo la rangi ambalo Kiingereza hakina. Rangi zetu za asili hubadilika mwanzo. Tunasema gauni jekundu, suruali nyekundu, kizibao chekundu, mkoba mwekundu. Sarufi iko sawa na sikio linaridhika, lakini mfumo unaolinganisha herufi haujui kwamba "jekundu" na "nyekundu" ni neno moja. Mnunuzi akiandika "gauni nyekundu", kama wengi wasemavyo mitaani, huenda asilione tangazo la "gauni jekundu". Dawa iko ndani ya lugha yenyewe. Muuzaji aandike "gauni rangi nyekundu", kwa kuwa rangi daima ni nyekundu, nyeupe au nyeusi, na umbo hilo ndilo watu huliandika zaidi. Haharibu Kiswahili na hampotezi mnunuzi. Bluu, kijani, kahawia, zambarau na pinki hazina usumbufu huo kwani hazibadiliki. Kitambaa cha koti letu nacho kina majina kadhaa: wapo wanaoandika jinsi, wapo wa jinzi, wapo wanaoandika "jeans" kama ilivyo, na wazee wa pwani bado wanasema dangirizi. Kwenye soko lenye maneno yanayoyumba hivi, kurudia kitu kimoja kwa majina mawili kunahesabika.

Kitenge kinaonyesha jambo hilo vizuri kuliko nguo yoyote. Afrika Mashariki ni kitenge. Lubumbashi na Goma Kiswahili chao kinasema kikwembe. Afrika Magharibi, na kwenye mtandao kwa jumla, wengi wanaandika "Ankara". Fundi wa Arusha anayeandika kitenge peke yake anawauzia wale tu wanaoijua lugha yake. Majina mawili kwa pamoja hayamgharimu sana:

```
Kitenge Ankara Dress Womens UK 14 Yellow Blue Wax Print Cotton Handmade
```

Hizo ni herufi 71, na chapa haimo. Hapa wauzaji wengi huteleza. Gauni limekatwa kutoka kitambaa cha Vlisco, kampuni ya Uholanzi inayochapa vitambaa mjini Helmond tangu 1846, na ukingoni jina la kampuni lilikuwa limechapwa. Je, gauni ni la Vlisco? Kitambaa ni cha Vlisco, gauni ni la fundi. Kisanduku cha chapa kibebe jina la fundi, na jina la kitambaa lifuate pamoja na maneno ya kitambaa, mradi ni kweli. Ukingo wenye jina si uthibitisho wa kutosha, kwa sababu wanaoiga huuiga na wenyewe. Neno "Wax" nalo lina masharti. Kitambaa cha nta halisi kimechapwa kikakolea pande zote mbili sawasawa, ilhali cha kuigiza huwa hafifu kwa nyuma. Na "Cotton" isiandikwe kwa mazoea, kwa sababu vitenge vingi sokoni leo ni vya poliesta.

Kitambaa, kati ya sifa zote nne, ndicho chenye sheria nyuma yake. Mwaka 2013 FTC ilizitoza Amazon, Macy's, Sears na Leon Max jumla ya dola milioni 1.26 kwa kuuza nguo zilizoelezwa kuwa za mianzi ilhali zilikuwa za rayoni, nyuzi zinazotengenezwa kwa kuyeyusha mmea kwa kemikali mpaka chembe za mwanzi zenyewe haziko tena. Mwaka 2022 zikafuata Kohl's na Walmart, na malipo yakafika dola milioni 5.5. Neno moja la kuvutia lilikuwa limewekwa mahali pa jina la kweli la uzi. Umoja wa Ulaya nao una kanuni yake, namba 1007 ya 2011, inayotaja majina ya nyuzi moja moja, na ndani yake hariri ni nyuzi zinazotokana na wadudu wanaotoa hariri peke yao. Kung'aa hakutoshi.

Na hariri ndiyo inayowaponza wauzaji wa mitumba. Kwenye belo lile lile lililotoa koti kuna blauzi ya rangi ya maziwa, laini, inayoteleza mkononi. Lebo ya shingoni inasema 12. Lebo ya ubavuni, ile yenye jina la uzi na huenda na namba ya RN, ilikatwa na mwenyewe wa kwanza, pengine ilikuwa ikimwasha. Mkono wa muuzaji tayari unataka kuandika "Silk", maana neno hilo linapandisha bei.

Kuna jaribio la kijiti cha kiberiti. Anachomoa uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, anaushika kwa kibano juu ya sahani, na kuusogeza taratibu kwenye moto. Hariri na sufu huungua kwa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Pamba hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na jivu laini la kijivu. Poliesta haiungui hivyo, huyeyuka na kujikunja ikawa shanga ngumu. Jaribio lina mipaka yake: haliwezi kutenganisha pamba na rayoni, na uzi wa mshono wenyewe huweza kuwa tofauti na nguo, kwa hiyo ni lazima uzi utoke kwenye kitambaa. Wala halisemi ni asilimia ngapi kama nyuzi zimechanganywa.

Uzi wa blauzi hii uliyeyuka, ukaacha shanga nyeusi. Hariri haipo, au kama ipo, haiko peke yake. Lakini kuna neno ambalo muuzaji anaweza kuliandika bila wasiwasi wowote: satini. Hilo ni jina la ufumaji, namna nyuzi zinavyorukana ili uso wa kitambaa ung'ae, na linafaa kwa hariri, kwa poliesta na kwa mchanganyiko. Wanunuzi wanaliandika kila siku. Saizi nayo ina kitendawili, kwa sababu lebo iliyokatwa ndiyo ambayo ingeonyesha kama 12 ni ya Uingereza au ya Marekani, basi muuzaji anailaza bapa na kupima inchi 20 kwapa hadi kwapa, na kipimo kinachukua nafasi ya namba:

```
Satin Blouse Womens Cream Long Sleeve Button Front Bust 40in
```

Herufi 60, bila chapa, bila hariri na bila 12. Namba ya shingoni anaitaja ndani, kwenye maelezo, pamoja na picha ya lebo na neno kwamba ile ya ubavuni haipo na kwamba uzi ulipochomwa uliyeyuka.

Wiki mbili baadaye taarifa ya muuzaji itamwonyesha kila tangazo lilitokea mbele ya macho mara ngapi, na mara ngapi lilibofywa. Likionekana kwa wengi na kubofywa na wachache, kichwa kinawaita watu wasiohusika, au picha ya kwanza imekikanusha. Likibofywa sana bila kununuliwa, bei au kitu fulani kwenye maelezo kinawarudisha nyuma. Lisipoonekana kabisa, maneno yenyewe hayatafutwi. Atakayebadilisha abadilishe neno moja kwa wakati, aache siku kadhaa zipite, ndipo alinganishe, kwa sababu akigeuza kichwa, picha na bei siku moja hatajua kilichosaidia ni kipi. Kwa blauzi, la kwanza la kujaribu ni "Cream", ambalo wengine huliandika "Ivory". Kwa koti, namba 70506 isiguswe.